Kutoka orodha ya pointi hadi hoja moja: sentensi kuu na viunganishi katika insha ya kujadili

Wanafunzi wengi wa sekondari na wa vyuo vya ualimu hapa Uganda huzoea kujibu swali la "Jadili" kwa kutafuta pointi, kuzipanga moja chini ya nyingine, na kuipa kila pointi aya yake. Mazoea hayo yana chanzo kinachoeleweka, kwa sababu msahihishaji mwenye rundo la karatasi mbele yake hutafuta pointi, huziwekea alama ya vema, kisha hujumlisha. Lakini mwanafunzi huyo anapofika mahali ambapo anasomwa na mtu anayetaka kushawishiwa, awe mhadhiri wa Kyambogo, msimamizi wa tasnifu au mhariri wa gazeti, mpangilio uleule humwangusha. Pointi tano zinaweza kuwa za kweli zote, zikakaa pamoja katika ukurasa mmoja, na bado zisithibitishe jambo lolote.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kugeuza orodha ya aina hiyo kuwa hoja moja kwa kutumia nyenzo mbili. Ya kwanza ni sentensi kuu, yaani sentensi inayobeba dai la aya nzima, ambayo kwa kawaida hukaa mwanzoni mwa aya. Ya pili ni viunganishi, na hapa ninajumuisha maneno na vifungu vyote vinavyomwonyesha msomaji uhusiano wa jambo moja na jingine, kama vile "kwa hiyo", "hata hivyo" na "ndiyo maana". Tutaifuata insha moja tangu rasimu hadi marekebisho. Swali lake ni hili: "Jadili sababu zinazofanya Kiswahili kichelewe kuenea katika shule za msingi za Uganda." Nimelichagua kwa kuwa wasomaji wengi wa hapa wanaifahamu hali yenyewe, na hivyo wanaweza kuelekeza macho yao kwenye ujenzi wa aya badala ya kuhangaika na habari mpya.

Rasimu ya kuanzia

Hizi ndizo sentensi za kwanza za aya tano za rasimu hiyo, kama zinavyoandikwa katika insha nyingi za namna hii:

1. Sababu ya kwanza ni historia ya Kiswahili nchini Uganda.
2. Aidha, kuna uhaba wa walimu wa Kiswahili.
3. Vilevile, Kiswahili hakimo katika mtihani wa darasa la 7.
4. Pia, sheria haikueleza vizuri matumizi ya Kiswahili.
5. Hali kadhalika, wanafunzi wanaingia sekondari bila msingi wa Kiswahili.

Jaribu kubadilisha nafasi za aya ya pili na ya nne. Hakuna kinachoharibika, unaweza hata kuianza insha kwa aya ya tano na kuimalizia kwa ya kwanza, na msomaji hatahisi chochote. Hilo ndilo jaribio la haraka la kuitambua orodha: aya zinahamishika bila insha kuumia. Katika hoja iliyojengwa, aya ya tatu inahitaji jambo lililothibitishwa na ya pili, kwa hiyo ukiihamisha inabaki inaning'inia.

Sasa viangalie viunganishi vyenyewe. "Aidha", "vilevile", "pia" na "hali kadhalika" ni maneno manne, lakini kazi yao ni moja tu, nayo ni kumwambia msomaji kwamba kuna jambo jingine la kuongeza. Kiswahili kina maneno mengi ya kuongeza, na wingi huo huwapotosha waandishi wenye bidii, ambao hubadilisha neno kila wanapoanza aya wakidhani wamebadilisha na uhusiano. Hakuna mahali katika sentensi zile tano panapoonyesha kwamba jambo moja limesababisha jingine, limelipinga, au limeliwekea mpaka.

Hatua ya 1: Andika msimamo wako kwa sentensi moja inayoweza kupingwa

Kabla ya kugusa aya yoyote, andika jibu la swali zima kwa sentensi moja. Sentensi kama "Kuna sababu nyingi zinazofanya Kiswahili kichelewe kuenea" haifai, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeipinga, na jambo lisilopingika halihitaji aya tano za kulitetea. Msimamo unaofaa huchagua. Husema ni sababu ipi inayobeba nyingine, na hudokeza ni maelezo yapi mwandishi anayaona kuwa hafifu.

Kwa insha yetu, tuchukue msimamo huu: "Kiswahili kimechelewa kuenea katika shule za msingi hasa kwa sababu kwa miaka mingi hakikuwamo katika mtihani wa darasa la 7, na si kwa sababu wazazi wanakikataa." Mtu anaweza kuupinga. Anaweza kusema kwamba wazazi ndio chanzo, au kwamba hata kingetahiniwa bado pangekosekana walimu. Pingamizi hizo ni mali kwa mwandishi, kwa sababu kila moja inamwonyesha aya moja inayohitajika.

Neno la kulitazama hapa ni "hasa". Bila neno hilo, msimamo ungedai kwamba mtihani ndio sababu pekee, na aya kuhusu sheria isingekuwa na mahali pa kukaa. Likiwapo, sababu nyingine zinaruhusiwa kuingia, ila kila moja inalazimika kueleza inahusianaje na mtihani.

Hatua ya 2: Uliza swali kati ya kila pointi na inayofuata

Ziandike pointi zako kwenye vipande vya karatasi, kila kimoja na pointi yake, uvitandaze mezani. Kisha chukua vipande viwili uulize: je, hili limesababisha lile? Je, lile linabaki kweli licha ya hili? Je, hili ni mfano tu wa lile? Ikiwa jibu la maswali yote ni hapana, vipande hivyo viwili havipaswi kufuatana, au kimojawapo hakina kazi katika insha hii.

Tukifanya hivyo, mpangilio mpya unajitokeza wenyewe. Sheria inakuja mwanzo, kwa sababu ndiyo inayofungua swali: ikiwa Kiswahili ni lugha rasmi, kwa nini hakifundishwi kila mahali? Mtihani unafuata, kwa kuwa ndio unaojaza nafasi ambayo sheria iliiacha wazi. Uhaba wa walimu unakuwa tokeo la mtihani, ingawa katika rasimu ulitajwa kabla yake. Udhaifu wa wanafunzi wanaoingia sekondari ni tokeo la uhaba wa walimu. Historia, iliyokuwa ya kwanza, inakwenda mwisho, kwa sababu ndiyo nguvu ya upande unaopinga msimamo wetu na itajibiwa vizuri zaidi mnyororo mzima ukiwa umekwisha kuonyeshwa.

Waandishi wengi huona vigumu kuhamisha historia, kwa kuwa imezoeleka kwamba jambo lililotangulia kutokea litangulie pia kuandikwa. Mpangilio wa nyakati unafaa kwa masimulizi. Katika mjadala, mpangilio unatokana na kile ambacho msomaji anahitaji kukikubali kwanza ili akubali kinachofuata.

Hatua ya 3: Andika sentensi kuu zote kabla ya kuandika aya hata moja

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa kuliko zote, na ninashauri ipewe muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Kila sentensi kuu, isipokuwa ya aya ya kwanza, inapaswa kuwa na sehemu mbili: sehemu inayoshika jambo lililothibitishwa katika aya iliyotangulia, na sehemu inayoleta dai jipya. Hizi hapa sentensi kuu za insha yetu baada ya kuandikwa upya:

1. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini marekebisho hayo yaliliachia Bunge kazi ya kueleza kitatumika katika mazingira gani, na hivyo hayakuilazimisha shule yoyote kubadili ratiba yake.
2. Pengo hilo la kisheria lingeweza kuzibwa na mitihani, kwa kuwa shule za msingi hufuata kinachotahiniwa kuliko kinachotangazwa. Lakini mtihani wa darasa la 7 uliendelea kuwa wa masomo manne, na Kiswahili hakikuwa mojawapo.
3. Kwa kuwa somo lisilotahiniwa haliongezi chochote katika matokeo ya shule, mwalimu wake huwa wa mwisho kuajiriwa.
4. Uhaba huo wa walimu ndio unaowafanya wanafunzi wa kidato cha 1 waanze Kiswahili kama lugha ngeni, jambo ambalo baadaye huchukuliwa kimakosa kuwa ushahidi kwamba hawakipendi.
5. Shaka ya wazazi, ambayo wengi huitaja kuwa sababu ya kwanza, ni ya kweli na ina historia ndefu, lakini haielezi kwa nini Kiswahili kimebaki nyuma hata katika shule ambazo shaka hiyo ni ndogo.

Zisome mfululizo bila aya zake. Zinajitosheleza kama muhtasari wa hoja, na ukijaribu kuihamisha ya nne iwe ya pili, maneno "uhaba huo" yanakosa cha kurejelea. Sasa zirudie uone jinsi kila moja inavyoshikana na iliyotangulia.

Sentensi ya pili inaanza kwa "pengo hilo la kisheria". Vionyeshi vinavyoishia kwa -o, yaani "hilo", "huo", "hiyo", "hayo" na wenzake, ndivyo viunganishi vyenye nguvu kuliko vyote katika Kiswahili, ingawa havitajwi katika orodha za viunganishi zinazokaririwa shuleni. Kazi yao ni kumwambia msomaji kwamba jambo hili amekwisha kukutana nalo. Upatanisho wa ngeli huvisaidia zaidi, kwa sababu "huo" haiwezi kurejelea "pengo", na "hilo" haiwezi kurejelea "uhaba". Msomaji hupelekwa mahali hasa panapokusudiwa.

Kionyeshi hicho hakitoshi kikisimama peke yake. Mwandishi akianza aya kwa "Hiyo inafanya walimu wawe wachache", msomaji atajiuliza hiyo ni nini: sheria, ratiba, au hali nzima iliyoelezwa katika aya iliyopita? Tia nomino kabla ya kionyeshi, na uchague nomino inayoipa aya iliyopita jina jipya. Aya ya kwanza haikulitumia neno "pengo" hata mara moja. Neno hilo linaifupisha aya nzima na papo hapo linaitolea hukumu, kwa sababu jambo likishaitwa pengo, msomaji anatarajia kusikia nani alilijaza au nani alishindwa kulijaza. Kuchagua nomino ya aina hii ni sehemu ya kufikiri, na mwandishi anayekwama hapa mara nyingi hajaamua bado aya yake iliyopita ilithibitisha nini.

Sentensi ya nne inatumia "ndio". Muundo wa "uhaba huo wa walimu ndio unaowafanya" hufanya kazi mbili kwa pamoja, kwani unarudi nyuma kwa "huo" na unachagua mhusika kwa "ndio". Unasema kwamba ni uhaba, wala si kitu kingine, unaoleta tokeo hili. Kwa sababu hiyo utumie pale tu unapotaka kuondoa maelezo mengine. Ukiutumia katika kila aya, kila sababu itakuwa ndiyo ya pekee na msomaji ataacha kukuamini.

Sentensi ya tatu haina kionyeshi chochote, wala haikihitaji. Kishazi cha "kwa kuwa somo lisilotahiniwa haliongezi chochote" kinachukua jambo lililojadiliwa katika aya ya pili na kulifanya kuwa msingi unaokubalika, kisha dai jipya linasimama juu yake. Angalizo moja tu: kishazi cha "kwa kuwa" kibebe jambo ambalo msomaji amekwisha kulikubali. Ukikipakia dai ambalo bado halijathibitishwa, msomaji makini ataona kwamba amepitishiwa jambo bila kuulizwa.

Hatua ya 4: Jaza aya, na uiondolee kila kisichojibu sentensi kuu

Tuitazame aya ya walimu kwa karibu. Katika rasimu iliandikwa hivi:

> Aidha, kuna uhaba wa walimu wa Kiswahili. Walimu wa Kiswahili ni wachache. Shule nyingi za vijijini hazina hata mwalimu mmoja wa somo hili. Vitabu pia ni haba na bei yake ni kubwa. Serikali inapaswa kuajiri walimu wengi zaidi. Vilevile, wazazi wengine hawapendi Kiswahili.

Sentensi ya pili inairudia ya kwanza. Ya nne inaanza habari ya vitabu, ya tano inatoa pendekezo kabla sababu haijaelezwa, na ya sita inaingia katika mada ya aya nyingine kabisa. Kosa hili lina chanzo kimoja: "kuna uhaba wa walimu" ni sentensi inayotaja jambo bila kudai chochote juu yake, na sentensi isiyodai chochote haiwezi kukataza kitu kisiingie katika aya. Chochote kinachohusu shule kinaweza kuifuata.

Hii ndiyo aya baada ya kuandikwa upya chini ya sentensi kuu mpya:

> Kwa kuwa somo lisilotahiniwa haliongezi chochote katika matokeo ya shule, mwalimu wake huwa wa mwisho kuajiriwa. Mwalimu mkuu mwenye nafasi moja ya kujaza humtafuta kwanza mtu wa Hisabati au wa Sayansi, kwa sababu hayo ni masomo ambayo wazazi watayaona katika matokeo ya darasa la 7. Anayeweza kufundisha Kiswahili, kama yupo, hupewa vipindi vya Maarifa ya Jamii, na Kiswahili chake huachiwa saa zinazobaki. Fedha za vitabu hufuata njia hiyohiyo. Anayefanya maamuzi hayo huenda hana chuki yoyote na Kiswahili. Anagawa kidogo alicho nacho. Ndiyo maana kuongeza wahitimu wa Kiswahili vyuoni hakutoshi peke yake: wahitimu hao watakosa shule za kuwapokea maadamu somo lao halina uzito katika mtihani.

Sentensi ya pili na ya tatu zinaonyesha jinsi "wa mwisho kuajiriwa" kunavyotokea katika ofisi ya mwalimu mkuu. Vitabu vimerudi, lakini sasa kwa sentensi fupi inayovifunga kwenye sababu ileile kwa "njia hiyohiyo", badala ya kuwa pointi nyingine inayojitegemea. Pendekezo la kuajiri walimu limegeuka kuwa jambo linalopimwa, na wazazi wameondoka hadi aya yao ifike.

Iangalie pia sentensi ya mwisho. Haimwandalii msomaji aya inayofuata kwa maneno kama "baada ya kuangalia walimu, sasa tuangalie wanafunzi". Ushauri wa kuimalizia kila aya kwa sentensi ya kuvukia hutolewa mara nyingi, nami nadhani una madhara zaidi kuliko manufaa, kwa sababu aya huishia kwenye jambo ambalo si lake na aya inayofuata hulirudia jambo lilelile. Malizia aya kwa kile ilichokithibitisha. Kazi ya kuvuka ni ya sentensi kuu ya aya mpya.

Unapojaza aya ya pili ya insha hii, utakuwa na ushahidi mmoja unaostahili kutafutiwa nafasi yake kwa uangalifu, nao ni uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ukiutupa tu mwishoni mwa aya kwa "Pia, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua…", utaonekana kuupinga msimamo wako, kwani serikali imekwisha kuchukua hatua. Ukiusoma vizuri, unakuunga mkono, kwa sababu uamuzi huo ulisema Kiswahili kifundishwe na pia kitahiniwe. Basi uandike hivi: "Baraza la Mawaziri lenyewe lilikiri uhusiano huo Julai 2022, lilipoamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima na kitahiniwe." Maneno "lilikiri uhusiano huo" ndiyo yanayougeuza mwaka na uamuzi kuwa ushahidi wa dai la aya.

Hatua ya 5: Chagua kiunganishi mwisho, kisha ukijaribu

Viunganishi huchaguliwa baada ya uhusiano kujulikana. Mwandishi anayevitia kwanza hujikuta ameandika "kwa hiyo" mahali ambapo hakuna tokeo, na msomaji husikia kishindo cha hoja bila hoja yenyewe.

Jaribio ninalolipendekeza ni kubadilisha kiunganishi kwa kilicho kinyume chake. Chukua "Sheria ilikitambua Kiswahili mwaka 2005, hata hivyo, shule hazikubadili ratiba zake", uweke "kwa hiyo" mahali pa "hata hivyo". Sentensi inakuwa ya ajabu mara moja, na huo ni uthibitisho kwamba ukinzani umo katika habari yenyewe. Sasa chukua "Vitabu ni haba, kwa hiyo wazazi wengine hawapendi Kiswahili", uweke "hata hivyo". Inasomeka vilevile, si vizuri wala vibaya. Hapo ujue kwamba kati ya vipande hivyo viwili hakuna uhusiano wowote ulioonyeshwa, na kiunganishi hakitauleta.

Kuna viunganishi vichache vinavyotatiza hata waandishi wazoefu. "Kwa hiyo" na "ndiyo maana" hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, lakini "kwa hiyo" hutoa tokeo ambalo msomaji bado hajalisikia, ilhali "ndiyo maana" hueleza jambo ambalo tayari analijua au amekwisha kulishuhudia. Katika aya ya walimu tumetumia "ndiyo maana" kwa kuwa msomaji wa Uganda anajua kwamba wapo wahitimu wa Kiswahili wasio na kazi. Tunampa sababu ya jambo analoliona. "Isitoshe" haiongezi jambo lolote tu, bali jambo linalozidisha uzito wa lililotangulia, kwa hiyo haifai kufungulia pointi ya kando. "Kwa upande mwingine" inadai kwamba upande wa kwanza umetajwa. Na "licha ya" ifuatwe na nomino au na kitenzi-jina, kama katika "licha ya sheria kuwapo", wala isiachwe ikaburuta sentensi nzima yenye kitenzi cha wakati.

Kimoja ambacho watu hukiacha bure ni "sembuse". Kinafaa sana katika mjadala, kwa sababu kinapima: "Shule za Kampala zenye ada kubwa hazioni sababu ya kumwajiri mwalimu wa Kiswahili, sembuse shule ya kijijini yenye walimu saba wa masomo yote." Kwa neno moja msomaji anaelewa kwamba kama jambo limeshindikana mahali pepesi, mahali pagumu hakuna haja ya kuuliza.

Baada ya hapo, punguza. Ondoa kiunganishi kimoja kimoja usome tena. Pale ambapo nomino na kionyeshi chake vinatosha kuonyesha uhusiano, kama katika "uhaba huo wa walimu ndio unaowafanya", kuongeza "kwa hiyo basi" mwanzoni kunachelewesha tu.

Hatua ya 6: Ipe aya ya upinzani kazi ya kufanya

Aya ya historia ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi, kwa sababu ina miaka na majina, na miaka hushawishi mwandishi aanze nayo. Rasimu ingeanza hivi: "Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala." Hilo ni tukio, na tukio halijadiliwi. Likiwekwa mahali pa sentensi kuu, aya nzima hugeuka kuwa masimulizi: Gowers akapendekeza, Kabaka Daudi Chwa akapinga mwaka 1929, Idi Amin akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wananchi wakakihusisha na askari, basi. Msomaji amejifunza jambo, ila hajui limethibitisha nini.

Sentensi kuu tuliyoiandika inaanza kwa kukubali, "ni ya kweli na ina historia ndefu", kisha inaweka mpaka, "lakini haielezi kwa nini". Sasa miaka ile yote inaingia kama ushahidi wa nusu ya kwanza, kwa sentensi moja au mbili, na aya inabaki na nafasi ya kutosha kwa nusu ya pili, ambayo ndiyo inayohitaji kuthibitishwa. Kwa nusu hiyo, tafuta mahali ambapo sababu ya wapinzani haipo lakini tokeo lipo. Miji ya mpakani kama Busia na Malaba inafaa, kwa kuwa Kiswahili husikika sokoni na kwenye maegesho ya malori kila siku, na hakuna anayekiogopa. Hata hivyo watoto wa huko hufanya mtihani uleule wa darasa la 7 unaofanywa na wenzao wa Masaka, na shule zao hupanga ratiba kwa kuufuata. Unaweza pia kutaja Kiingereza, ambacho nacho kilitoka nje, lakini wazazi hukilipia kwa hiari kwa kuwa kinatahiniwa.

Katika kukubali, usiwe mchoyo. Mwandishi anayesema "wengine hudhani kwamba wazazi wanakikataa, lakini hiyo si kweli" amempoteza msomaji ambaye babu yake alikiogopa Kiswahili cha askari kwenye vizuizi vya barabarani. Sema kwanza kwamba shaka hiyo ina sababu zake, uzitaje, ndipo uonyeshe inakofikia mwisho.

Mahali ambapo njia hii haifai

Swali likisema "Taja" au "Orodhesha", andika orodha, na usipoteze muda kuunganisha. Vilevile kuna sababu ambazo kweli zinakwenda sambamba bila moja kuizaa nyingine. Hapo usilazimishe mnyororo, bali litangaze jambo hilo katika sentensi kuu inayotangulia, kwa mfano "Uhaba huo una sura mbili", kisha "sura ya kwanza" na "sura ya pili" zitasomeka kama sehemu za dai moja.

Katika chumba cha mtihani, ambapo msahihishaji bado anatafuta pointi, njia hii haikunyimi alama mradi uiweke pointi yenyewe mahali anapoitafuta. Tumia dakika chache za mwanzo kuandika sentensi kuu tu kwenye ukurasa wa nyuma, na katika kila moja hakikisha jina la pointi, kama "uhaba wa walimu" au "mtihani wa darasa la 7", limo ndani ya mstari wa kwanza wa aya, hata kama sentensi inaanza kwa kishazi kinachorudi nyuma. Sentensi yetu ya tatu ingehitaji marekebisho madogo kwa msahihishaji wa aina hiyo: "Kwa kuwa somo lisilotahiniwa haliongezi chochote katika matokeo ya shule, kuna uhaba wa walimu wa Kiswahili, ambao huwa wa mwisho kuajiriwa." Sentensi hiyo inapoteza mkazo kidogo, lakini uhusiano na aya iliyotangulia unabaki mzima, na alama ya vema ina mahali pa kuwekwa.